Vidonda vya Mong'ina, Malengelenge ya Celestine

Wateja wa Celestine walimwita daktari, naye hakuwakataza. Alikuwa na diploma ya famasia, koti jeupe lililonyooshwa kwa pasi, na duka la dawa katikati ya soko la Ikonge, na hayo matatu yalitosha. Mtu akisema kule kwenye mashamba ya chai kwamba daktari amesema asile hiki au anywe kile, hakuna aliyeuliza daktari yupi. Celestine alipenda hivyo. Tusimfiche, alipenda sana.

Jumatano ile ilikuwa siku ya soko na duka limejaa. Mbele yake alisimama Masese, mchuma chai, mdomo wake wa juu umefura upande mmoja, pembeni kuna kishada cha malengelenge madogo yaliyoanza kupasuka na kutoa maji.

"Daktari, nipe dawa ya malaria," alisema Masese. "Homa inatoka, si unaona?"

"Umepimwa?"

"Nipimwe nini na yenyewe imejileta nje?"

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka. Kila mtu Ikonge anajua kwamba homa ikikaa mwilini mwisho hutokea mdomoni, na ikishatokea mgonjwa amepona nusu. Bibi zao waliwaambia, na bibi zao waliambiwa na wengine. Celestine alikuwa amechoka kuambiwa.

"Sikiliza, Masese. Hiyo si malaria inayotoka. Hivyo ni virusi. Uliambukizwa ukiwa mtoto, pengine na shangazi yako alipokubusu, vikaingia kwenye mshipa wa fahamu vikalala. Ukipigwa na jua sana vinaamka. Ukichoka vinaamka. Ukipata homa yoyote vinaamka, ndiyo maana mnadhani ni malaria. Ulianza kuhisi lini mdomo ukikuwasha?"

"Jumapili."

"Ungekuja Jumapili hiyohiyo, kabla hayajatoka. Ningekupa vidonge vya kupunguza siku. Sasa yameshapasuka, vitakusaidia kidogo sana. Paka mafuta yasichanike, usiyabanduebandue, utapona baada ya wiki. Na kikombe chako kiwe chako. Usimbusu mtu. Mtoto mchanga usimsogelee kabisa, umenisikia? Sisi wakubwa ni kero tu. Mtoto wa siku chache vinamuua."

Masese akashika mdomo wake kama aliyeambiwa una moto. Foleni ikanyamaza. Ni katika ukimya huo mtamu ndipo simu ilipoita, na aliyepiga alikuwa Purity, mke wa Fred, mdogo wake Celestine. Purity alikuwa amejifungua Jumatatu, mtoto wa kike, wa kwanza kwake na mjukuu wa kwanza wa nyumba ile kule Manga.

"Dada Celestine, samahani kukusumbua kazini. Mama Mong'ina amekuja kumwogesha mtoto, lakini ana vidonda mdomoni. Ni sawa?"

Celestine alikuwa na maneno aliyomwambia Masese bado ulimini. Hakuuliza ni vidonda gani. Hakuuliza viko nje kwenye midomo au ndani shavuni, na hilo ndilo swali la kwanza, swali ambalo angemuuliza hata mpita njia.

"Asimguse," alisema, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. "Asimshike, asimwogeshe, asimpumulie, mpaka nije mwenyewe nimwone."

"Asante, Dada. Nilijua utanielekeza."

Akakata simu na kumhudumia mtu wa minyoo.

Sasa ni lazima mjue alichokikataza. Kule Manga, mtoto akizaliwa, magokoro, yaani nyanya yake mzaa baba, ndiye mwenye maji. Yeye ndiye huyapima kwa kiwiko, ndiye humshika mtoto kichwa na kumwosha, humkanda viungo na kumwimbia jina. Mong'ina, mama yao Fred na Celestine, alikuwa ameyangojea maji hayo miaka saba tangu Fred aoe. Mtoto alikuwa amepewa jina la mama mzazi wa Mong'ina, Nyamusi. Basi Mong'ina akaambiwa na mkwe wake, kwa adabu zote na macho yakiangalia chini, kwamba daktari wa Ikonge amekataza. Na daktari wa Ikonge ni binti yake wa kumzaa.

Mong'ina hakubisha. Aliweka karai chini, akatoka, akaketi barazani.

Jumapili Celestine alipanda Manga kwa bodaboda. Jumamosi nzima alikuwa makambini na waumini wenzake Waadventista, na kwa sababu hema lilikuwa limejaa alikaa nje kwenye viti vya nyuma, jua la Agosti likimchoma uso tangu mahubiri ya asubuhi hadi nyimbo za jioni. Kule njiani upepo wa mlimani ukampiga. Aliposhuka alihisi mdomo wa chini, upande wa kushoto, ukimchonyota. Aliulamba. Jua na upepo, alijiambia. Akatoa mafuta mkobani akapaka, na juu yake akapaka rangi ya mdomo ya zambarau aliyoinunua Kisii.

Mama yake alikuwa barazani akipeta wimbi la uji wa mzazi.

"Fungua mdomo, Mama."

Mong'ina alifungua. Ndani ya shavu la kulia kulikuwa na vidonda viwili vya mviringo, vyeupe-manjano katikati, vimezungukwa na wekundu, na kingine kidogo kwenye ukingo wa ulimi. Mkabala navyo kulikuwa na gego lililomeguka, lenye ncha kali. Kwenye midomo yenyewe, hakuna kitu.

"Vinauma ukila nini?"

"Nanasi. Na chumvi, mayoo! Hata chai ya moto. Lakini mimi hivi navipata tangu nikiwa msichana. Nikijing'ata vinakuja, nikiwa na mawazo vinakuja. Vinakaa wiki, vinaenda zake."

Celestine alijua hapo hapo. Vidonda vya ndani namna ile si vya virusi vile hata kidogo. Vinaletwa na kujikwaruza, na mawazo, na damu kupungua madini na vitamini. Havitoki mdomo mmoja kwenda mwingine, wala kwa busu, wala kwa kijiko. Mong'ina angeweza kumbusu mtoto toka utosini hadi kwenye nyayo asimdhuru. Siku nne alikuwa ameketi pale barazani bure.

"Nitakupa dawa ya kubandika juu yake usiku, itavikausha upesi," Celestine alisema. "Sukutua na maji ya chumvi ya uvuguvugu, hata kama yanachoma. Gego hilo likalainishwe na daktari wa meno. Halafu nitakuletea vidonge vya kuongeza damu."

"Na mtoto?" aliuliza Mong'ina. "Nimshike sasa?"

Loo, jibu lilikuwa neno moja. Ndiyo, Mama, ingia umshike, mimi ndiye niliyekosea. Lakini Purity alikuwa amesimama mlangoni, mtoto begani, uso umejaa shukrani. "Dada, karibu! Tumefuata kila kitu ulichosema. Majirani wote nimewaambia, sisi tuna daktari wetu nyumbani." Celestine akaliona neno lile moja, na gharama yake, na koti lake jeupe. Akasema, "Ngoja kwanza vipone, Mama. Wiki moja tu."

Mong'ina akarudi kwenye ungo wake.

Basi Celestine akaingia, akanawa mikono vizuri kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, Purity akitazama na kujifunza, akampokea Nyamusi. Mtoto wa siku sita, mwepesi, harufu ya maziwa. Alipiga chafya ndogo, wakacheka wote. Na Celestine, aliyewahubiria watu wa Ikonge nzima, akamwinamia, akambusu shavuni, halafu karibu na jicho, halafu kwenye vidole vidogo ambavyo mtoto alivirudisha mara moja mdomoni. Mdomo wake ulikuwa ukichonyota wakati huo wote. Aliusugua kwa mgongo wa mkono, akambusu tena.

Alijua lini? Hapo ndipo baadaye alipokuwa akijitesa. Jioni ile, kwenye kioo cha nyumbani kwake, alifuta rangi ya zambarau akaona wekundu na vijipu vitatu vidogo vimeanza kuinuka. Alikuwa akivipata tangu shule ya sekondari, mara moja kwa mwaka, mara mbili. Alijua vizuri kwamba virusi havingojei lengelenge litokeze ndipo vitoke. Mchonyoto ukianza navyo viko nje. Alikaa kitandani. Akafikiria kupiga simu. Akawaza, busu tu, na mtoto ana afya, na wangapi wamebusiwa hapa wakakua. Nikiwapigia nitawatia hofu bure.

Akafungua boksi la vidonge, vya kuzuia virusi hivyo visizaane. Wengine humeza viwili-viwili tu, na hiyo si dozi. Yeye alijua dozi: kimoja mara tano kwa siku, siku tano. Alianza usiku uleule, mapema kama anavyotakiwa mtu kuanza. Kesho yake akaingia dukani amevaa barakoa. Waliomuuliza aliwaambia ana mafua. Vidonge vilifanya kazi yao barabara: malengelenge hayakuwa makubwa, Jumatano yalikauka, Ijumaa gaga likadondoka lenyewe. Jumamosi alienda kanisani bila barakoa, na mdomoni hapakuwa na kitu ila alama ya waridi ambayo rangi ya zambarau iliifunika.

Jumapili asubuhi Fred alipiga simu. Mtoto hanyonyi. Amelegea, ana joto, halii vizuri. Wako hospitali mjini Kisii.

Celestine alifika mchana. Alimkuta Purity kwenye benchi, maziwa yamelowesha blauzi, Fred akiwa bado na ovaroli ya kiwanda cha chai cha Itumbe, na Mong'ina peke yake upande wa pili wa korido. Daktari Obwocha, mwanamume mtaratibu mwenye miwani, alikuwa akiwauliza maswali. Amempa mtoto dawa za kuua bakteria, alisema, kwa kuwa mara nyingi watoto wa umri huu huwa ni bakteria. Maji ya uti wa mgongo yamechukuliwa yakapimwe. "Lakini ninaomba mniambie ukweli. Kuna yeyote aliyemshika akiwa na vidonda au malengelenge mdomoni? Wewe mama mzazi, uliwahi kuwa nayo?"

"Mimi sijawahi," alisema Purity. Kisha akanyoosha kidole, naye alikuwa akilia. "Ni yeye. Ni Mama. Tulimkataza. Pengine alimshika nikiwa nimelala."

Mong'ina alisimama. Daktari akamsogelea, akamwomba afungue mdomo, akamulika kwa tochi shavu lile na ukingo wa ulimi. Vidonda vilikuwa vimebaki vidogo, vinafunga.

"Hapana," alisema Daktari Obwocha akizima tochi. "Hivi ni vidonda vya ndani. Haviambukizi mtu. Hata kama angekuwa amemshika kutwa, visingemdhuru. Mama, hukupaswa kukatazwa." Akawageukia wote. "Hakuna mwingine? Mgeni? Mtu yeyote, hata kama yamekwisha kupona?"

Celestine alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake. Rangi ya zambarau iko mdomoni. Mtu angemwangalia vizuri angeona, lakini nani angemwangalia? Yeye ndiye daktari wa nyumbani.

"Hakuna," alisema Fred.

"Sawa. Basi tuendelee na bakteria. Majibu yakija tutajua zaidi."

Akaondoka. Hivyo tu. Celestine alimwona akienda, koti lake likipepea, na miguu yake mwenyewe haikusogea. Alijiambia atamfuata akiwa peke yake. Akajiambia joto likishuka jioni hakutakuwa na haja. Akajiambia dawa za bakteria huenda ndizo. Akapanda gari la Ikonge bila kumfuata mtu yeyote. Aibu ni kitu cha ajabu. Inaweza kumpandisha mtu garini huku moyo wake umebaki koridoni.

Jumatatu saa mbili asubuhi, akiwa ameinua shata la duka nusu, simu ikaita.

"Ameshikwa na degedege," alisema Fred. "Mkono wa kulia unaruka wenyewe, na mdomo. Mara mbili tangu alfajiri. Dada, wewe umesoma haya mambo. Niambie ni nini."

Celestine aliketi kwenye ngazi ya duka, hapo nje, watu wakipita.

"Fred. Nenda kwa daktari sasa hivi. Usikate simu, tembea. Mwambie kuna aliyembusu mtoto akiwa na virusi vya mdomo, siku ya sita."

"Nani?"

"Tembea, Fred."

"Natembea. Nani?"

"Mimi. Yalikuwa yanaanza. Nikameza dawa, yakapona. Jana alipouliza nilikuwa pale, na nilinyamaza."

Alisikia nyayo za Fred kwenye sakafu. Zikasimama. Nyuma yake watoto wa watu wengine walikuwa wakilia wodini. Kisha nyayo zikaanza tena, mbio.

Dawa ya virusi iliingizwa kwenye mshipa wa Nyamusi kabla ya saa nne. Ilikuwa dawa ileile ya vidonge alivyokuwa amemeza Celestine, ila hii ilikuwa ya maji, kila baada ya saa nane, mchana na usiku, siku ishirini na moja. Majibu ya maji ya mgongoni yalipotoka yalithibitisha: virusi vimefika kwenye ubongo. Degedege ilikoma siku ya tatu. Siku ya tano alinyonya. Mtoto aliishi, na Mungu ashukuriwe kwa hilo, lakini mkono wake wa kulia ulibaki umefumba ngumi na haukupenda kufunguka, na hakuna aliyejua kama utafunguka.

Celestine alimwuliza Daktari Obwocha kama ile siku moja ndiyo iliyofanya hivyo. Alimwuliza wakiwa wawili tu, kwa sauti ya chini.

"Siwezi kukuambia," alijibu. "Kila saa ni ya maana katika ugonjwa huu. Lakini siwezi kukuambia kwamba ingekuwa tofauti, wala kwamba isingekuwa." Alimtazama kidogo, bila ukali. "Wewe unauza dawa hizi. Uliwahi wewe mwenyewe. Na mtoto naye alistahili kuwahiwa." Akaenda kwa wagonjwa wake.

Purity hakumsemesha Celestine siku zote hizo ishirini na moja. Celestine alileta uji kwenye thamosi, akaiacha dirishani, akaikuta imerudishwa haijafunguliwa. Hakulaumu. Angekuwa yeye angeimwaga.

Siku ya kuruhusiwa walipewa dawa ya maji ya kumpa mtoto kwa miezi sita, na tarehe za kurudi kwa mazoezi ya mkono. Fred alienda kutafuta gari. Purity alikuwa na mizigo, chupa, makaratasi, na mtoto. Akatazama huku na huku, akampita Celestine kwa macho, akamwendea Mong'ina.

"Mama, mshike. Nisamehe, Mama. Mshike."

Mong'ina alinyoosha mikono, akampokea mjukuu wake kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, mwezi na siku tano. Alimweka kichwa kwenye kiwiko. Kwa kidole gumba akaanza kuukanda mkono uliofumba, taratibu, kutoka begani kuja kwenye ngumi, na kuurudia. Purity akatoka kumfuata Fred na mizigo.

Wakabaki wanawake wawili wa Manga na mtoto koridoni.

"Mama," alisema Celestine. "Siku ile barazani nilijua vidonda vyako havina neno. Nilijua nilipoviona tu. Niliona aibu kusema nimekosea. Ningekwambia ingia, wewe ndiye ungemshika, si mimi. Nisamehe."

Mong'ina aliendelea kukanda. Hakumwangalia.

"Nilikuona ukijisugua mdomo," alisema.

"Wapi?"

"Siku hiyohiyo. Mlango ulikuwa wazi, nilikuwa nawatazama. Ulijisugua kwa mgongo wa mkono namna ulivyokuwa ukijisugua ukiwa shuleni, na mimi kila mara nilikuwa nasema, Celestine homa yake inataka kutoka. Sikujua kama ni hatari. Lakini nilifikiri, si yeye mwenyewe alisema mwenye vidonda asimguse mtoto? Nikainuka niseme, mpe Purity mtoto kwanza."

Celestine akamsogelea. "Mbona hukusema?"

"Nilifika mlangoni," alisema Mong'ina. "Halafu nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyekatazwa kuingia, na wewe ndiye uliyesoma. Nikarudi nikaketi."